Koneksheni imebana: maswali mnayoniuliza kuhusu kutoka ndegeni haraka

Kila Desemba ikikaribia inbox yangu inajaa swali hilohilo, mtu anatoka Nairobi au Dar anaenda Ulaya, kapewa saa moja na kitu ya kubadilisha ndege, na anataka kujua atatokaje kule mkiani kabla geti halijafungwa. Mimi naishi Norwei, nyumbani ni Tanga, hiyo safari nimeifanya mara nyingi na mara nyingi nabadilisha Amsterdam. Kwa hiyo majibu mengi hapa yametoka kwenye njia hiyo, ila mambo ya siti na ya kuongea na kruu ni yaleyale hata ukipita kwingine.

Nitajuaje kama muda wangu umebana kweli?

Usihesabu kuanzia saa ya kutua mpaka saa ya kuruka, hapo ndo watu wengi wanajidanganya. Hesabu kuanzia mlango wa ndege unapofunguliwa mpaka geti la ndege ya pili linapofungwa. Ndege ikigusa ardhi bado inatembea, Schiphol, uwanja wa Amsterdam, kuna njia moja ya kutua iko mbali sana, ndege inaweza ikatembea robo saa mnapishana na magari ya barabara kuu, halafu ipaki, daraja lisogezwe, mlango ugongwe. Na upande wa pili geti halifungwi saa ya kuruka, linafungwa dakika 15 au 20 kabla, inategemea na shirika, soma kwenye boding pasi yako.

Nawapa mfano wangu wa Novemba iliyopita nitakaoutumia mpaka mwisho. Natoka Nairobi karibu saa sita usiku, nafika Amsterdam saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndege ya Oslo saa mbili kamili. Kwenye karatasi ni saa moja na nusu, unaona mbona raha. Tukachelewa kutoka Nairobi dakika arobaini. Mlango ulifunguliwa saa moja na dakika kumi, na geti la Oslo lilikuwa linafungwa saa mbili kasoro robo. Kwa hiyo ile saa moja na nusu ikabaki dakika 35, na ndani yake kuna kutoka ndegeni, kukaguliwa begi, kupigwa muhuri wa paspoti na kutembea mpaka geti.

Halafu angalia saa yako. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege inabaki na saa ya Nairobi, na wakati wa baridi Amsterdam iko nyuma masaa mawili, kiangazi lisaa limoja. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni ya pale mahali ndege ilipo. Nimeshamuona mama analia ndegeni akidhani ndege yake imeshaondoka kumbe bado ana masaa mawili mbele.

Siti ya mbele inaokoa dakika ngapi kweli?

Ndege kubwa ya watu kama 300 ikitoa abiria kwa mlango mmoja, wa mwisho anatoka baada ya dakika 20 hivi, wakati mwingine zaidi kama kuna watoto na mizigo mingi. Wa mstari wa kwanza wa ekonomi anatoka ndani ya dakika nne tano. Kwa hiyo unaweza kusema ni robo saa tu.

Lakini siyo robo saa tu, na hili ndo nataka mlishike kuliko yote. Kila mtu anayetoka ndegeni kabla yako anakuwa mbele yako kwenye foleni inayofuata. Ukitoka Nairobi ukaingia Amsterdam unaelekea Oslo au Paris au Berlin, unapita ukaguzi wa mabegi halafu paspoti, kwa sababu pale ndo unaingia Shengeni, zile nchi za Ulaya ambazo kati yao hukaguliwi tena paspoti. Nusu ya ndege yenu inaenda hukohuko. Ukiwa mtu wa 30 unakuta madirisha ya uhamiaji yana watu wachache, ukiwa wa 250 unakuta foleni imezunguka kamba mara nne, na foleni hiyo ni ya majirani zako mliokula nao chapati na mayai saa moja iliyopita. Robo saa uliyopoteza kwenye siti inazaa nusu saa nyingine kwenye foleni.

Na sasa hivi imekuwa nzito zaidi. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo mpya wa kusajili wageni wanaoingia kwa muda mfupi, kwa viza au bila viza, unapigwa picha, alama za vidole zinahakikiwa, kila mtu anachukua muda wake. Mwenye kibali cha kuishi hasajiliwi ila usidhani utaruka foleni, mara nyingi mnapanga pamoja mpaka mbele kabisa.

Kwenye ndege kubwa ya njia mbili nichague siti ipi hasa?

Milango ya abiria iko kushoto ukiangalia mbele. Ndege nyingi kubwa zinatoa watu kwa mlango wa pili kutoka mbele, ule ulio kati ya bizinesi na ekonomi, na pengine wa kwanza pia. Kwa hiyo unatafuta sehemu ya ekonomi iliyo karibu na mlango huo, siti ya njiani, na ikiwezekana njia ya kushoto. Ya kulia nayo inafika ila mnazunguka kwa jikoni mnakutana na wa kushoto, na wa kushoto huwa hawaachi nafasi.

Njiani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bora njiani mstari wa tano kuliko dirishani mstari wa pili, kwa sababu wa dirishani anasubiri watu wawili wasimame, washushe mabegi, wavae makoti, na mmoja wao hana haraka kabisa maana Amsterdam ndo kwao.

Sasa kuna mtego. Ule mstari wa mbele kabisa, unaoangalia ukuta, wote wanaukimbilia. Pale huruhusiwi kuweka kitu miguuni wakati wa kuruka na kutua, begi lote linaenda kwenye kabati la juu, na makabati ya mbele mara nyingi yameshajaa blanketi, vifaa vya kruu au mabegi ya waliopanda kabla yako. Nimeshaona mtu kakaa mstari wa kwanza, begi lake likawekwa mistari sita nyuma, ndege ikapaki akawa anasimama anaangalia nyuma watu wanakuja kama maji, hawezi kurudi. Akatoka karibu na wa mwisho. Kwa hiyo mimi nachukua mstari wa pili au wa tatu, begi dogo chini ya siti ya mbele yangu, juu siweki kitu.

Ramani ya siti unaipata kwenye app ya shirika lenyewe, na kwenye Flightradar24, app ya kufuatilia ndege, ukiandika namba ya ndege utaona siku zilizopita imekuwa ikifika saa ngapi. Kama wiki nzima imechelewa nusu saa, jipange hivyohivyo.

Na ndege ndogo ya njia moja?

Hapo ni rahisi kama kuna daraja, unatokea mlango wa mbele kushoto, kadri ulivyo mbele ndo unavyotoka mapema.

Ila wakileta ngazi, subiri kwanza. Viwanja vingi vyetu, na hata viwanja vikubwa ndege zikiwa nyingi, wanaweka ngazi mbili, mbele na nyuma, na aliyekaa mstari wa mwisho anatoka sawa na aliyekaa wa kwanza. Wa katikati ndo anaumia. Kama njia yako unajua huwa wanapaki mbali na wanafungua nyuma, siti ya nyuma kabisa ya njiani siyo mbaya, na mara nyingi hailipiwi.

Halafu kuna basi. Basi haliondoki na mtu mmoja aliyewahi, linasubiri lijae. Kwa hiyo kuwa wa kwanza kushuka hakukusaidii kitu kama ukaingia ukakaa kule kati ukabanwa. Ukipanda simama mlangoni na usisogezwe, mtu akitaka kupita mpishe halafu rudi palepale, mlango ukifunguliwa jengoni wewe ndo wa kwanza. Ukiona basi la kwanza linakaribia kujaa, kimbilia hilohilo uwe wa mwisho kuingia, usiseme nisubiri la pili lina nafasi, la pili linaweza kukaa dakika kumi.

Siti ya mbele wanaiuza, mimi sina hela ya kulipia. Nifanyaje?

Angalia tena chek-ini ya mtandaoni inapofunguliwa, mashirika mengi ni kati ya saa 24 na 48 kabla. Kwa baadhi ya mashirika siti walizokuwa wanauza zinaachiwa bure hapo. Weka alamu, ingia dakika ileile. Ukikosa, kaunta uwanjani mwambie yule dada au kaka, onyesha boding pasi ya ndege ya pili, sema nina saa moja na robo Amsterdam naomba siti ya njiani mbele ukipata. Na ukikosa kaunta, uliza tena getini nusu saa kabla ya kupanda, maana hapo ndo wanajua nani hajatokea.

Kama bado haijapatikana, inabaki kuongea na kruu.

Niongee na kruu wakati gani?

Siyo unapopanda. Pale mlangoni wana watu mia tatu wa kuwapokea, watakuambia sawa na watakusahau. Na siyo ndege ikianza kushuka, hapo ni kuchelewa kabisa, wanafunga jiko, wanakagua mikanda, halafu wanakaa wenyewe na hawainuki.

Kwa ndege ya usiku mimi naenda mara mbili. Ya kwanza baada ya chakula cha jioni wakishakusanya trei, kabla hawajazima taa. Ya pili baada ya chai ya asubuhi, hapo inakuwa imebaki kama saa moja kutua, njia haina tena toroli, unaweza kuhama siti na begi lako bila kumsumbua mtu. Nenda jikoni kwao, usibonyeze kengele, ukibonyeza anakuja aliye karibu na unaongea mbele ya watu. Muulize kiongozi wao yuko wapi, yule msimamizi wa kabini, kwa sababu yeye ndo anajua siti gani ziko wazi na yeye ndo anaruhusu.

Niseme nini hasa?

Sema mambo matatu tu: namba ya ndege unayounganisha, saa inayoruka kwa saa ya huko, na umekaa siti gani. Ongeza kama ni tiketi moja. Usianze na hadithi ya harusi au ya bosi, anayo masikio ila hana muda. Ile asubuhi ya Novemba kruu walikuwa wa kwetu, ikawa hivi:

"Shikamoo dada, samahani, msimamizi ni wewe?"

"Marahaba, ndio, nikusaidie?"

"Nina ndege ya Oslo saa mbili kamili kwa saa za Amsterdam, tiketi ni moja, nimekaa 38 dirishani. Naona tutafungua mlango kama saa moja na kitu. Kama kuna siti yoyote ya njiani iliyo wazi huko mbele, naweza kuhamia kabla hatujaanza kushuka?"

Akachukua tableti yake akaangalia, akasema nyinyi wa Oslo mko saba. Akaniambia pana moja mstari wa 12 upande wa kushoto, mwenyewe hakupanda Nairobi, "ila begi lako uje nalo sasa hivi, usiliache kule nyuma." Nikalileta, nikaliweka chini ya siti, nikafunga mkanda. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili.

Angalia nilivyouliza. Sikusema nipe siti ya mbele, nilisema kama kuna iliyo wazi, na nikampa wakati. Akisema hakuna, uliza la pili: je anaweza kututangaza tuliobanwa, na je anaweza kujua geti letu ni namba ngapi. Hivyo vyote viko kwenye uwezo wake.

Wataniweka bizinesi? Watasimamisha ndege ya pili inisubiri?

Bizinesi usitegemee, hata kama iko tupu. Wapo waliowahi kupitishwa dakika za mwisho kukaa karibu na mlango, ila usiende na hiyo akilini.

Kusimamisha ndege hawawezi. Kruu wanaweza kumpa rubani taarifa, rubani akaipeleka chini, lakini anayeamua ni watu wa shirika walio ardhini wanaoangalia mko wangapi, ndege inayofuata ni lini, na ile ndege ikichelewa itaharibu koneksheni za wengine wangapi. Mkiwa saba mnaenda sehemu yenye ndege moja kwa siku pana uwezekano. Mkiwa wawili mnaenda Oslo ambako zipo kadhaa kwa siku, itaondoka.

Wakitangaza wengine wabaki wamekaa, watu wanakubali?

Nusu nusu. Wanaosikia wanakaa, wenye hedifoni wanasimama, na mmoja akisimama wote wanasimama. Tangazo linasaidia zaidi ukiwa tayari uko mstari wa mbele kidogo. Ukiwa 38 tangazo halikuvushi mistari ishirini.

Mimi ninachofanya, ndege ikiwa bado hewani nawaambia majirani zangu na wa mistari miwili ya mbele, kwa sauti ya kawaida: "Samahani bwana, nina ndege baada ya dakika thelathini, tukifika mtaniruhusu nipite?" Mtu aliyeombwa mapema anakupisha kwa moyo. Mtu anayesukumwa begi mgongoni taa ya mkanda ikishazimwa anakasirika, na ana haki.

Naweza kuinuka kabla taa ya mkanda haijazimwa nisogee mbele?

Hapana. Ndege inafunga breki ghafla ikiwa chini, na mtu aliyesimama na begi anaanguka juu ya watoto wa watu. Na kruu akikuona inabidi apige kelele, na kuna marubani wanaosimamisha ndege kabisa mpaka ukae, hapo umewapotezea wote dakika. Kinachoruhusiwa ni kuwa tayari: viatu miguuni, koti mwilini, paspoti na boding pasi mfukoni, blanketi siyo kwenye mapaja. Ukiwa umevaa hivyo unaokoa dakika nzima.

Begi la kabati la juu linanichelewesha kiasi gani?

Inategemea liko wapi. Likiwa juu ya kichwa chako au mbele yako, sekunde kumi. Likiwa nyuma yako hata mistari miwili, hesabu kuwa unatoka na hao wa nyuma. Kama kabati lako limejaa ukipanda, weka mbele, usiweke nyuma, utalipitia ukitoka. Na lile kubwa ulilolikabidhi kaunta Nairobi, kwa dakika 35 kuna uwezekano mkubwa wewe ukafika na lenyewe lisifike, kwa hiyo dawa, chaja, nguo moja na nyaraka zako ziwe na wewe.

Nasafiri na mama, ameombewa kiti cha magurudumu. Hizi mbinu zinafaa?

Hapana, na tafadhali usimnunulie tiketi ya kubana. Wanaosaidiwa kwa kiti cha magurudumu wanashushwa mwisho, baada ya wote kutoka, halafu mnasubiri anayemsukuma afike. Siti ya mbele haibadilishi hilo. Mtafutie masaa matatu na kuendelea. Wakishafika wanaomsukuma huwa wanapitishwa mlango wao kwenye ukaguzi na paspoti, ila zile dakika za mwanzo huwezi kuzirudisha.

Na watoto wadogo, strola ikiletwa mlangoni inaweza kuchelewa dakika kumi. Beba mtoto mgongoni kwa kanga, uko huru.

Nikishatoka mlangoni?

Usisimame kwenye korido kuwasha simu. Tembea ukisoma mabango, simu utaiwasha huku unatembea. Kama nje ya mlango kuna mhudumu ameshika kibao chenye jina la mji unakoenda, nenda kwake moja kwa moja hata kama unajua njia, huyo anaweza kukupitisha mlango wa wenye muda mfupi. Kwenye foleni ya ukaguzi tafuta hiyo njia ya wenye koneksheni fupi, usipoiona muulize aliyevaa sare na umuonyeshe saa iliyo kwenye boding pasi, usimwambie tu una haraka, maana pale wote wana haraka.

Ile asubuhi nilitoka mlangoni saa moja na dakika 14, ukaguzi wa begi nilikuta watu kama kumi, paspoti nane. Nilifika getini saa mbili kasoro dakika 22, wanaita majina. Kuna kaka tuliyekaa naye 38, naye wa Oslo, nilimwambia tuende wote jikoni tukaulize akasema ataona hukohuko. Alifika geti limefungwa dakika tano zilizopita. Alikuwa amesimama paspoti nyuma ya ndege nzima.

Na nikikosa hata hivyo?

Kama tiketi ni moja, shirika linakuweka ndege inayofuata bila kukulipisha, na mara nyingi wameshafanya hivyo kabla hujafika kaunta, fungua app uone boding pasi mpya ndo upange foleni. Yule kaka alipata ya mchana. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili upunguze bei, ya pili imekufa na hakuna anayekudai wala unayemdai, kwa hiyo tiketi mbili usiziweke chini ya masaa manne hata ukiwa mstari wa kwanza njiani.